Pipsi 298 zilipotelea wapi: kisa cha treda aliyetoka demo kwenda pesa halisi

Alinipigia simu jioni moja, sauti imekauka. "Kaka, broka ananiibia." Nilimwuliza anajuaje. Akasema mkakati ni uleule, jozi ileile, saa zilezile, na mtu ni yeye yuleyule, lakini kwenye demo, akaunti ya mazoezi yenye pesa za bandia, alikuwa anapanda miezi mitano mfululizo na kwenye akaunti halisi anashuka mwezi wa tatu sasa. Kwa hesabu yake kilichobadilika ni kimoja tu, pesa imekuwa ya kweli, kwa hiyo mwizi lazima awe ni yule anayeishika.

Nilimwomba anitumie ripoti za akaunti zote mbili, oda zote na tredi zote, bila kufuta hata moja. Ilinichukua siku nne kuzipitia. Ninaandika nilichokiona kwa ruhusa yake. Majibu mawili yanayotolewa kila mara kwa kisa cha namna hii ni "broka anakuchezea" na "ni saikolojia yako tu", na katika kisa hiki yote mawili yangemwacha gizani.

Kwanza mkakati wenyewe, kwa kuwa kila kitu kinategemea vipimo vyake. Alikuwa anatredi EURUSD, yaani euro kwa dola, ambapo pipsi moja ni badiliko la 0.0001 kwenye bei. Kabla soko la London halijafunguka anatazama kilele na bonde la bei za usiku, kisha anaweka oda mbili za kusubiri: Buy Stop pipsi mbili juu ya kilele, Sell Stop pipsi mbili chini ya bonde. Moja ikiingia, nyingine inafutwa. Kikomo cha hasara, ile S/L, ni pipsi 12. Lengo la faida, T/P, ni pipsi 18. Tredi moja kwa siku, na siku nyingine hakuna.

Kwenye demo alifanya tredi 100. Alishinda 48 na kupoteza 52. Ushindi 48 wa pipsi 18 ni pipsi 864. Hasara 52 za pipsi 12 ni pipsi 624. Tofauti ni faida ya pipsi 240, yaani pipsi 2.4 kwa kila tredi. Salio la demo lilikuwa dola 10,000, naye alihatarisha asilimia 1 kila mara. Mstari wa salio ulipanda vizuri, na yeyote angeuamini.

Akaunti halisi ilikuwa ya dola 1,000, akiba yake mwenyewe. Asilimia 1 ya hapo ni dola 10, na kwa kikomo cha pipsi 12 hiyo ni takriban loti 0.08, ambapo pipsi moja ina thamani ya senti 80 za dola. Baada ya miezi mitatu salio lilikuwa dola 842.

Kabla sijamtuhumu mtu nilitaka kujua kama soko lenyewe limebadilika. Nilirudi kwenye bei za miezi ile mitatu, nikatumia Bid, bei ya kuuzia, na Ask, bei ya kununulia, za akaunti yake halisi, nikazipitia ishara zote ambazo mkakati ulizitoa, ziwe aliziingia au aliziacha. Zilikuwa 60. Zilizofika kwenye lengo ni 29, zilizogonga kikomo ni 31. Kwa bei za kwenye karatasi, kama kila oda ingejazwa palepale ilipowekwa na pasipo kamisheni, hiyo ni faida ya pipsi 150, au pipsi 2.5 kwa tredi. Karibu sawasawa na demo. Soko halikuwa na kosa.

Akaunti yake lakini ilikuwa imepoteza pipsi 148. Kati ya faida ya 150 na hasara ya 148 kuna pipsi 298, na hizo ndizo nilizokwenda kuzitafuta.

Nilianza na kujazwa kwa oda, kwa sababu ni kitu kinachopimika bila kubishana. Kwenye historia ya MetaTrader 5, programu aliyotumia kutredi, kuna rekodi mbili zinazochanganywa sana: oda, ambayo inaonyesha bei uliyoomba, na muamala, ambao unaonyesha bei uliyopewa. Ukichagua kuona zote mbili unaweza kutoa moja kwa nyingine. Kwa kununua, bei uliyopewa ikiwa juu ya uliyoomba, umeumia kwa kiasi hicho. Kwa kuuza ni kinyume chake.

Chukua tredi moja ya wiki ya tatu. Buy Stop ilikuwa kwenye 1.08440, kikomo 1.08320, lengo 1.08620. Kabla ya kuvunja kilele, Ask ilikuwa 1.08437. Bei iliyofuata kwenye rekodi ilikuwa 1.08451. Katikati hapakuwa na kitu. Oda ilijazwa kwenye 1.08451, pipsi 1.1 juu ya ilipoombwa. Kikomo na lengo vilibaki palepale vilipokuwa, kwa hiyo kabla bei haijasogea hata kidogo hasara inayowezekana ilikuwa imeshakua hadi pipsi 13.1, na faida imepungua hadi 16.9. Bei ikageuka. Kikomo kilifungwa kwenye 1.08311, pipsi 0.9 zaidi ya kilipowekwa. Kamisheni ya akaunti yake ni dola 7 kwa loti moja, kuingia na kutoka, ambayo kwa EURUSD ni pipsi 0.7. Jumla, hasara iliyopangwa kuwa pipsi 12 ilikuwa pipsi 14.7. Kwenye demo tredi ileile ingekuwa 12 kamili.

Hapa hapakuwa na wizi. Buy Stop si ahadi ya bei. Ni maagizo yanayosema: bei ikifika hapa, ninunulie kwa bei yoyote iliyopo. Juu ya kilele cha usiku wamejaa watu wenye wazo lilelile, wengine wananunua kwa kuvunjika kwa kilele, wengine ni wauzaji ambao vikomo vyao vya hasara vimekaa palepale, na kikomo cha muuzaji nacho ni kununua. Wote wanaamka kwa sekunde moja. Wanaouza, wakiona hivyo, wanaondoa bei zao au wanazipandisha. Kwa hiyo mkakati wa kuvunja kilele kwa asili yake unanunua pale ambapo wauzaji wamepungua kuliko wakati mwingine wowote. Kwenye demo hakuna muuzaji wa kupungua. Seva inalinganisha bei yako na bei ya kwenye skrini, inaona zimefikiana, inaandika umeingia. Hata ungeomba loti 50 ungepewa zote kwa bei moja.

Alikuwa amekodi kompyuta ya mbali, ile wanayoiita VPS, akiamini mtandao wake wa nyumbani ndio unaomchelewesha. Nilimwambia aiache. Oda ya kusubiri haikai kwenye kompyuta yako, inakaa kwenye seva ya broka. Bei ikiifikia, inaamshwa hukohuko hata kama umeme wako umekatika. VPS inamsaidia mwenye roboti inayotuma oda za papo hapo. Yeye alikuwa anailipia kila mwezi kutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Kuna tredi moja aliyokuwa ameichora duara jekundu kama ushahidi wa wizi. Alikuwa ameuza, akaiacha wazi mpaka usiku, na kikomo kikapigwa wakati chati, kama alivyoniambia, "haikufika pale, kaka, angalia mwenyewe." Ni kweli haikufika. Chati ya MetaTrader kwa kawaida inachora Bid. Lakini aliyeuza anafunga kwa kununua, na kununua ni kwa Ask, kwa hiyo kikomo cha Sell kinaamshwa na Ask. Saa 17:00 za New York siku ya soko inafungwa na benki nyingi zinaondoa bei zao kwa muda. Spredi, ile tofauti ya Ask na Bid, iliyokuwa pipsi 0.3 mchana ilifunguka mpaka pipsi 4. Ask ikapanda na kugonga kikomo huku Bid ikiwa imetulia. Ukiwasha mstari wa Ask kwenye mipangilio ya chati utaliona jambo hili likitokea mbele ya macho yako. Kwa kuwa nilitumia bei zote mbili, hata kwenye hesabu yangu tredi hiyo imo kati ya hasara 31.

Nilipopima tredi zake zote, wastani ulikuwa hivi: mteleko wa kuingia, yaani tofauti ya bei iliyoombwa na iliyopewa, pipsi 0.6, kamisheni pipsi 0.7, na mteleko wa kikomo pipsi 0.7 kwa kila hasara. Lengo la faida halikuteleza, kwa sababu T/P ni oda yenye bei ya mwisho inayokubalika, haijazwi kwa bei mbaya zaidi ya hiyo. Ukiangalia vipimo hivi kimoja kimoja unaweza kuvipuuza. Viweke pamoja. Ushindi wa 18 unakuwa 16.7. Hasara ya 12 inakuwa 14. Sasa uliza: ni lazima ushinde mara ngapi ili usipate wala kupoteza? Sehemu ya tredi unazoshinda tuiite W.

```
demo:   W × 18   = (1 − W) × 12   →  W = 40%
halisi: W × 16.7 = (1 − W) × 14   →  W = 45.6%
```

Mistari hii miwili ndiyo kiini cha kisa chote. Kwenye demo alikuwa na ushindi wa asilimia 48 na mstari wa kuvuka ulikuwa 40. Alikuwa na nafasi ya kukosea. Kwenye akaunti halisi, mtu yuleyule na ushindi uleule, mstari umesogezwa mpaka 45.6. Faida ya pipsi 2.4 kwa tredi imebaki pipsi 0.7. Takriban asilimia 70 ya kila alichokuwa anakipata demo kimekwenda kabla hofu haijaingia chumbani.

Na hapa kuna jambo la kuumiza zaidi. Katika tredi 100 zenye uwezekano wa karibu nusu kwa nusu, bahati peke yake inaweza kusogeza idadi ya ushindi kwa tano juu au tano chini bila mtu kushangaa. Ushindi wake 48 unaweza kabisa kuwa ni mkakati wa 43 uliopata miezi mizuri. Kwa mstari wa 40, hata 43 ingemlipa. Kwa mstari wa 45.6, 43 inamla polepole. Demo yake ilikuwa inajibu swali jepesi, naye akalichukua jibu lile kulipia swali gumu.

Kwa ishara zote 60, gharama ya kujazwa inafika pipsi 100: mteleko wa kuingia 36, kamisheni 42, mteleko wa vikomo 22. Yaani kama angefuata mpango bila kugusa kitu, angemaliza na faida ya pipsi 50 badala ya 150. Zimebaki pipsi 198 za kuelezwa, na hizo si za broka.

Nilipomtumia hesabu hiyo alinyamaza siku mbili. Kisha akaandika: "Kaka, endelea."

Wiki ya pili ya akaunti halisi alipata hasara tano mfululizo. Kwa mkakati unaopoteza mara 52 kati ya 100, mfululizo wa tano ni jambo la kutarajiwa ndani ya tredi 100, uwezekano wa kutokea ni mkubwa. Nilifungua rekodi ya demo na kumwonyesha kwamba kule alikuwa na mfululizo wa hasara sita, mwezi wa pili. Hakuukumbuka. Kwenye demo alikuwa anaweka oda asubuhi, anakwenda zake, anarudi jioni kuandika matokeo. Hasara sita zilikuwa mistari sita kwenye daftari. Kwenye akaunti halisi alikaa mbele ya chati ya dakika moja, akaiona kila moja ya zile tano ikizaliwa na kukua. Hasara ya dola 100 za bandia haikumnyima usingizi hata mara moja. Hasara ya dola 11 za kweli ilimweka macho mpaka usiku wa manane.

Baada ya zile tano alianza kuruka ishara. Hakuziruka ovyo, karibu zote zilikuwa baada ya hasara mbili au zaidi zinazofuatana. Kwenye daftari aliandika sababu, na sababu zinasikika za busara: "soko halieleweki leo", "kilele kiko karibu mno", "nasubiri uthibitisho". Mpango wake hauna kitu kinachoitwa uthibitisho. Ishara 14 ziliachwa hivyo, na 9 kati yake zilifika kwenye lengo. Ukiondoa gharama, aliacha pipsi 80 mezani.

Lakini sitaki kuitia chumvi namba hiyo. Mkakati wenye faida ya pipsi 0.7 kwa tredi, ukiruka tredi 14 kwa kufumba macho, kwa wastani unapoteza pipsi kumi hivi. Kwamba alipoteza 80 ni bahati mbaya kwa sehemu kubwa. Zingeweza kuwa 9 za hasara, naye angejisifu kwa kuzikwepa. Ubaya wa kuruka uko kwingine. Anayeruka baada ya hasara anashiriki hasara zote za mfululizo kisha anakosa ushindi unaoukata, na matokeo yake hayasemi tena lolote kuhusu mkakati. Hawezi kujua kama unafanya kazi kwa sababu yeye mwenyewe haufuati.

Kisha kufunga mapema. Tredi 7 ambazo zingefika pipsi 18 alizifunga kwa mkono, wastani pipsi 9. Zimemgharimu pipsi 63, na namba hii siitilii shaka kama ile ya kwanza, kwa kuwa kukata ushindi katikati kunamwumiza kila mara ambapo tredi ingefika. Tano kati ya hizo saba zilifungwa siku moja baada ya siku ya hasara. Alikuwa anafidia jana kwa faida ya leo. Ni tabia iliyopimwa: mwaka 1998 Terrance Odean alichapisha uchambuzi wa akaunti 10,000 za wawekezaji wa hisa, akaonyesha kuwa watu huuza kilicho kwenye faida kwa wepesi zaidi kuliko kilicho kwenye hasara. Huyu wangu hakuwahi kumsikia Odean, lakini aliingia kwenye kundi lile ndani ya mwezi mmoja.

Na upande wa hasara? Hapo kisa kinapinda. Hasara 4 alizifunga mapema kwa hofu, wastani pipsi 5, kabla hazijafika 12. Aliokoa pipsi 28. Hasara 3 alikisogeza kikomo mbali, akiipa bei "nafasi ya kupumua". Ziliishia kwenye hasara ya pipsi 19, 21 na 41 badala ya 12, 12 na 12, nyongeza ya pipsi 45. Ukizichanganya, kuchezea hasara kumemgharimu pipsi 17 tu, na mtu anaweza kusema si neno. Mimi ninaliona kuwa ndilo la hatari kuliko yote. Zile nne zilimfundisha kwamba mkono wake unajua. Kila alipofunga kwa hofu na bei ikaendelea kuanguka, alipata kitu kitamu kuliko faida: alithibitishwa. Mkono huohuo uliothibitishwa ndio uliosogeza kikomo mara tatu. Ile ya pipsi 41, alinieleza, aliisogeza mara ya kwanza bei ikiwa imebakiza pipsi moja kugonga, ikarudi kidogo, akahema. Ikashuka tena, akasogeza tena. Alipoifunga hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

Kikomo cha hasara kinastahili neno moja zaidi, kwa sababu demo haifundishi mipaka yake. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya 1.20 ya euro kwa faranga. Waliokuwa wamenunua EURCHF na kuweka vikomo karibu na hapo hawakufungwa karibu na hapo. Bei ilianguka bila kusimama, vikomo vikajazwa mbali chini, na wapo waliojikuta wanadaiwa na broka zaidi ya walichoweka. Mteleko wa pipsi 0.7 na mteleko ule ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana ukubwa wa loti unapaswa kuhesabiwa kwa hasara inayoweza kutokea, si kwa namba uliyoiandika kwenye kisanduku cha S/L.

Zimebaki pipsi 38. Hizi ni tredi 5 zisizo kwenye mpango kabisa, zote zilifunguliwa ndani ya saa moja baada ya hasara. Mbili kati yake alitumia loti 0.24 badala ya 0.08, "ili nirudishe kwa mara moja." Kwa pipsi hazionekani kubwa, hizo mbili zilipoteza 25 kwa pamoja. Kwa dola ndizo zilizouma, kwani ukubwa mara tatu uliongeza dola 40 juu ya hasara ya kawaida. Pipsi 148 kwa senti 80 ni dola 118. Ongeza 40, unapata dola 158 zilizokosekana kwenye akaunti. Senti zinakubaliana.

Hesabu nzima basi: kujazwa kwa oda pipsi 100, kuruka 80, kufunga mapema 63, kuchezea hasara 17, tredi za hasira 38. Jumla 298.

Mtu akiisoma haraka atasema theluthi ni broka na theluthi mbili ni moyo. Nilimkataza asisome hivyo. Gharama ya kujazwa ni ya kila siku, haichoki, itakuwepo hata akiwa mtulivu kama maji ya mtungi. Gharama ya moyo inayumba, miezi mitatu hii 198, mitatu mingine pengine ishirini. Na tena hazikai mbali mbali. Akaunti iliyonyang'anywa asilimia 70 ya faida yake haipandi. Inakwenda mlalo wiki baada ya wiki, na mashimo ya hasara yanachukua muda mrefu zaidi kuzibwa kuliko alivyozoea kwenye demo. Huo mlalo ndio uliomtia hofu. Aliamini anaharibu kitu kizuri, ndipo akaanza kukirekebisha kwa mkono. Ushauri wa "dhibiti hisia zako" ungemfikisha, kwa bidii nyingi, kwenye pipsi 0.7 kwa tredi.

Tulichofanya baada ya hapo kilikuwa kidogo. Alishusha loti hadi 0.02, ambapo hasara kamili, mteleko na kamisheni ndani yake, ni kama dola 2 na senti 80. Nilimwuliza kwa ukubwa gani anaweza kuweka oda na kuondoka bila kufungua simu mpaka jioni, na hilo ndilo jibu alilonipa. Sikumpa asilimia ya kwenye vitabu. Aliifuta programu kwenye simu. Kila asubuhi aliweka oda zilezile kwenye akaunti zote mbili, halisi na demo, na kwenye demo hakuruhusiwa kugusa kitu. Hapo tofauti mbili zinajitenga zenyewe: tredi aliyoiacha ifike mwisho kwenye akaunti zote mbili, tofauti ya pipsi ni ya kujazwa, tredi ambayo kwenye akaunti halisi iliisha kwa njia nyingine kuliko kwenye demo, tofauti ni yake. Kwenye daftari tuliongeza safu moja tu, "nilichogusa", na mara nyingi inabaki tupu.

Alifanya tredi 40 hivyo. Safu ile ilijazwa mara 3, na mara zote alijizuia dakika ya mwisho akaandika tu kwamba alitaka. Ushindi ulikuwa 18, hasara 22, asilimia 45. Mteleko na kamisheni vilikaa palepale nilipovipima mwanzo. Matokeo yalikuwa hasara ya pipsi 7, yaani kama dola 1 na senti 50. Kwenye demo, oda zilezile zilionyesha faida ya pipsi 60.

Alinipigia tena. Hakutaja wizi, wala hofu. Alisema, "Kaka, nimefuata kila kitu na haulipi." Nikamwambia ninaona vivyo hivyo. Mkakati wa kikomo cha pipsi 12 ulioingia pale penye wauzaji wachache haukuwa na nafasi ya kubeba pipsi 1.7 za gharama kwa kila tredi. Wazo lenyewe huenda lina uhai kwa vipimo vikubwa: kikomo cha 30 na lengo la 45, ambapo gharama ileile ni chini ya asilimia 6 ya hatari badala ya 14. Lakini huo ni mkakati mwingine, wenye ishara chache zaidi na ushindi wake wenyewe usiojulikana, na unahitaji kujaribiwa tangu mwanzo.

Yuko demo tena. Safari hii kila tredi anayoiandika kwenye daftari anaitoza kwanza mteleko wa 0.6 wa kuingia, kamisheni ya 0.7, na 0.7 nyingine ikiwa ni hasara. Wiki iliyopita alinitumia ukurasa wa kwanza. Tredi 11, na safu ya faida ina namba mbili kila mstari, ya demo na ya kweli, hiyo ya demo akiwa ameiandika kwa penseli.